Boila Darini: Njia ya Maji Hutangulia Boila

Anayejenga nyumba ya wageni, kituo cha afya au nyumba ya kupanga huku Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, hukutana na tatizo la nafasi mara anapofikiria maji moto. Bafu ni dogo, ukuta wake mara nyingi ni wa tofali moja, na boila la lita 80 linachukua sehemu ya mtu mzima. Juu ya dari, chini ya bati, kuna nafasi kubwa isiyotumika. Fundi akishauri boila lipandishwe huko, mwenye nyumba hukubali haraka, kwa kuwa bafu linabaki safi na hakuna kinachoonekana.

Huko kutoonekana ndiko kunakoleta hasara. Tangi la boila ni la chuma kilichopakwa enameli ndani, na hulindwa na fimbo ya magnesi iitwayo anodi ambayo huliwa taratibu badala ya chuma. Anodi ikiisha, chuma huanza kuliwa. Kabla ya hapo viungo vya mabomba vinaweza kulegea, mpira wa rezista unaweza kukauka, na vali inaweza kushindwa kufunga. Boila lililowekwa ukutani bafuni likivuja, maji huanguka sakafuni na watu huyaona siku hiyohiyo. Lililo darini likivuja, maji hunywewa na tripleksi, boriti huloa, waya za umeme hulowana, na mwenye nyumba hugundua pale dari inapoporomoka juu ya kitanda.

Kwa hiyo kazi ya fundi lazima ipimwe kwa siku ambayo boila litavuja, kwa sababu siku hiyo itafika. Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua kitakachotokea: jukwaa linalobeba uzito, trei inayokinga maji, na bomba linaloyatoa nje ya nyumba. Wengi huvishughulikia kama nyongeza baada ya boila kupanda. Nitaonyesha kwa hesabu kwamba mpangilio sahihi ni kinyume chake. Bomba la kutolea maji linaamua kimo cha jukwaa, jukwaa linaamua kama trei itabaki na mteremko wake, na boila huja mwisho.

Nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bafu mbili zinazotazamana, katikati yake kuna korido. Kuta mbili za korido zimejengwa kutoka kwenye msingi na ziko umbali wa mita 1.5. Dari ya tripleksi iko kwenye kimo cha mita 2.8. Maji hutoka kwenye tangi la plastiki la lita 1,000 lililosimama juu ya mnara nje ya nyumba, kwa sababu hakuna mtandao wa maji wenye kani ya kutegemewa. Umeme ni wa jenereta na paneli za jua. Boila ni la lita 80, lenye rezista ya wati 1,500.

Kabla ya mbao yoyote kukatwa, kuna swali la mnara. Maji hayapandi kwenye boila kwa hiari yao, na kila mita 10 za kimo hutoa kani ya baa 1 tu. Boila letu likilala juu ya jukwaa, mgongo wake utafika kama mita 3.55 kutoka sakafuni. Mnara wa mita 5 unatosha. Kitako cha tangi kitakuwa karibu mita 1.5 juu ya boila, na bafuni, kwenye kichwa cha shawa kilicho mita 2, kutakuwa na kani ya baa 0.3. Shawa haitapiga kwa nguvu, lakini mtu ataoga vizuri.

Mnara wa mita 3 ni habari nyingine. Hapo mgongo wa boila unakuwa nusu mita na zaidi juu ya kitako cha tangi. Tangi likipungua chini ya kimo hicho, maji moto hukatika hata kama tangi bado lina mamia ya lita. Na kama vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma ni mbovu au haikufungwa, maji ya boila yenyewe hurudi tangini. Rezista hubaki hewani, hushika moto bila maji, na huungua ndani ya dakika chache. Mwenye mnara mfupi ana njia mbili, kuurefusha au kuliweka boila chini. Jukwaa imara haliwezi kuponya kosa hilo.

Bomba la kutolea maji

Trei ya kawaida yenye urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kina cha 7 hubeba kama lita 38. Boila lina lita 80, na nyuma yake kuna tangi la lita 1,000 ambalo litaendelea kulisha tundu mpaka mtu afunge koki. Trei basi haiwezi kuwa ghala la maji yanayovuja. Ni mlango tu wa kuyaelekeza kwenye bomba, na ikiwa bomba ni jembamba, trei hujaa na kufurika kana kwamba haikuwepo.

Hapa ndipo kipenyo kinapohesabika. Maji yakisimama sentimita 4 ndani ya trei, bomba la milimita 40 linaweza kupokea takriban lita 40 kwa dakika. Bomba la milimita 20 katika hali hiyohiyo linapokea kama lita 10. Kiungo cha nusu inchi kilichoachia kabisa kinaweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja hadi mbili, yaani lita 10 hadi 20 kwa dakika. Bomba jembamba linashindwa siku ile linapohitajika, na bomba la milimita 40 linabaki na akiba. Afrika Kusini, ambako boila nyingi za nyumbani hukaa chini ya paa, kiwango chao cha ufungaji, SANS 10254, kinahesabu trei na bomba lake la kutolea maji nje kuwa sehemu ya ufungaji wenyewe, na mafundi wa huko hutumia hilohilo la milimita 40.

Bomba hili halina kani ya kuyasukuma maji, linategemea mteremko peke yake. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha. Sasa tuhesabu kimo katika nyumba yetu. Boriti zenye kimo cha sentimita 15 zikikaa juu ya kuta kwenye mita 2.80, mgongo wake unafika 2.95. Mbao za jukwaa zenye unene wa sentimita 3 zinatufikisha 2.98, na sakafu ya trei iko karibu mita 3.00. Kiungo kinachoshuka kutoka kitako cha trei na kugeuka huchukua kama sentimita 10, kwa hiyo bomba huanza safari yake kwenye 2.90. Likisafiri mita 4 hadi ukuta wa nje, hushuka sentimita 8 na kutokea kwenye 2.82. Linapita juu ya dari kwa sentimita 2.

Lakini ukuta wa nje ungekuwa mita 6, bomba lingehitaji kushuka sentimita 12 na lingegonga dari kwenye 2.78. Fundi asiyehesabu mapema huligundua hilo boila likiwa limeshapanda, na suluhisho analobaki nalo ni kulaza bomba bila mteremko au hata kulipandisha kidogo ili lipite juu ya boriti. Maji hayatapita hapo. Aliyehesabu mapema angepandisha jukwaa kwa tofali moja, au angelisogeza boila karibu na ukuta wa nje. Ndiyo maana nasema bomba hutangulia. Chora njia yake kwanza, ukianzia pale linapotokea nje na kurudi nyuma hadi kwenye trei, ndipo ujue jukwaa likae kimo gani.

Mahali linapotokea ni muhimu kama linapoanzia. Liache nje mahali ambapo mtu anapita kila siku, karibu na mlango wa jikoni au mbele ya dirisha la ofisi, ili tone la kwanza lionekane. Usilipeleke kwenye bomba la choo, kwa kuwa harufu na wadudu watapanda darini kupitia trei ambayo kwa kawaida ni kavu. Usilizike ardhini pia, mvua za Maniema zitalijaza udongo. Mdomo wake ufunikwe wavu wa matundu mapana kidogo. Nyigu wanaojenga kwa tope hupenda mabomba makavu, na bomba ambalo halijapitisha maji kwa miaka miwili linaweza kuwa na kiota kizima ndani yake.

Jukwaa

Boila tupu la lita 80 lina uzito wa karibu kilo 28. Likijaa hufikia kilo 108. Ongeza trei, mbao na mabomba, unakaribia kilo 130 ambazo zitakaa hapo usiku na mchana kwa miaka. Ongeza fundi anayepanda kubadilisha anodi, ni kilo 200.

Kosa la kawaida ni kuuweka mzigo huu juu ya mbao zinazoshikilia tripleksi, au kuufunga kwenye kenchi za paa. Mbao za dari zimewekwa kubeba tripleksi na misumari yake, hazikuwekewa uzito mwingine. Kenchi nazo zimepangwa kubeba bati na upepo, na ukizining'inizia kilo 130 katikati, viungo vyake vya misumari huanza kufunguka. Mzigo wa boila uende moja kwa moja kwenye kuta zinazofika kwenye msingi, kwa boriti zake zenyewe, bila kugusa dari wala kenchi.

Tofauti kati ya boriti fupi na ndefu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika nyumba yetu tunalaza boriti mbili za sentimita 5 kwa 15, zikisimama kwa upande mrefu, kuvuka korido ya mita 1.5. Kila moja inabeba kilo 65 za kudumu. Kwa mbao ngumu, hata tukiuhesabu mzigo wote kana kwamba uko katikati, boriti inapinda chini ya nusu milimita. Mtu mwingine anaamua kuvusha chumba cha mita 4 kwa boriti za sentimita 5 kwa 10, kwa kuwa ndizo alizonazo. Kwa mzigo uleule boriti hizo zinapinda kama sentimita 2 siku ya kwanza, na mbao iliyobeba mzigo bila kupumzika huendelea kulegea kwa miezi na miaka inayofuata.

Sentimita 2 hazivunji nyumba. Zinachofanya ni kuvunja mpango wa maji. Trei iliyopimwa kwa pima maji ikiwa tupu sasa ina bonde katikati, na tundu lake la kutolea maji, lililokuwa mahali pa chini kabisa, limebaki juu. Maji hukusanyika upande mwingine mpaka yafurike ukingo. Bomba lililokuwa na mteremko wa sentimita 8 limepoteza robo yake. Jukwaa dhaifu basi huharibu trei na bomba hata kama vyenyewe vilifungwa vizuri, na ndiyo sababu haitoshi kusema kwamba mbao haijavunjika.

Mbao za mvule, ambazo wafanyabiashara wa mbao nchini Kongo huziuza kwa jina la kambala, zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu mchwa hawazishambulii kirahisi. Mbao laini inaweza kutumika, lakini ipakwe dawa ya mchwa pande zote, hasa kwenye ncha zinazoingia ukutani. Ncha hizo zikae juu ya tofali au linta ya saruji kwa angalau sentimita 10. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, usiuamini. Tofali bichi likiloa hupoteza nguvu, na jukwaa la boila ndipo mahali ambapo kuloa kunatazamiwa. Hapo simamisha nguzo nne kutoka sakafuni, au acha wazo la dari kabisa.

Mwisho, boila lifungwe lisiteleze. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba Kalemie, kusini-mashariki mwa eneo letu. Tangi la chuma la mviringo lenye kilo 108 juu ya mbao laini halihitaji tetemeko kubwa kama hilo ili lianze kuviringika. Mikanda miwili ya chuma kuzunguka tangi, ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye boriti, inatosha.

Trei

Trei hutengenezwa na fundi bati yeyote mwenye risasi ya kulehemu na mkono mtulivu. Bati tambarare lililopakwa zinki, lenye unene wa milimita 0.8 au zaidi, linakunjwa kingo za sentimita 7 na kuunganishwa pembeni. Iwe ndefu na pana kuliko boila kwa angalau sentimita 7 kila upande, na upande wenye mabomba iongezwe zaidi, kwa kuwa viungo vilivyo hapo ndivyo vinavyovuja mara nyingi.

Tundu la kutolea maji likatwe kwenye sakafu ya trei, kwenye pembe ya chini. Likikatwa ubavuni sentimita moja juu ya sakafu, maji ya kina cha sentimita moja yatabaki daima, yataozesha bati, na yatazaa mbu juu ya vichwa vya watu wanaolala. Chini ya trei kuwe na mbao zinazoishikilia yote, bila pengo, na boila lisikae juu ya bati lenyewe. Miguu yake ikae juu ya fremu ya chuma yenye nguzo fupi zinazopita nje ya kingo za trei na kusimama juu ya jukwaa. Kwa njia hiyo hakuna parafujo inayotoboa trei, na uzito haulikandamizi bati.

Kabla ya trei kupandishwa, ijazwe maji chini, uwanjani, na iachwe usiku kucha juu ya matofali mawili na karatasi kavu chini yake. Karatasi ikiamka kavu, trei iko tayari.

Matone yasiyo ya trei

Kuna maji ambayo boila hutoa hata likiwa zima kabisa, na hapa ndipo ufungaji mwingi mzuri huharibika. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60, huvimba kwa kama asilimia 1.5. Kwa lita 80 hiyo ni zaidi kidogo ya lita moja. Vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma imefunga mlango wa bomba baridi, koki za bafu zimefungwa, kwa hiyo kani ndani ya tangi hupanda mpaka vali ya usalama ifunguke na kudondosha lita hiyo. Vali nyingi zinazouzwa hufunguka kwenye baa 7 au 8. Matone wakati wa kupasha ni dalili ya vali inayofanya kazi.

Mafundi wengi huelekeza matone haya ndani ya trei, kwa kuwa iko karibu. Boila likipashwa mara mbili kwa siku, trei hupokea zaidi ya lita 2 kila siku, na bomba lake huwa na maji wakati wote. Siku tangi linapoanza kuoza, hakuna atakayetofautisha matone ya ugonjwa na matone ya afya. Bomba la vali ya usalama litenganishwe. Litoke nje peke yake, kando ya bomba la trei, kwa kushuka mfululizo bila koki wala kizibo popote. Liwe la shaba au la chuma. Themostati ikishindwa, kinachotoka hapo ni maji yanayochemka na mvuke, na bomba la kijivu la plastiki linalotumika kwa maji machafu hulainika na kupinda katika joto hilo. Bomba la trei, ambalo hupokea uvujaji tu, linaweza kuwa la plastiki.

Baadhi watauliza kama haiwezekani kuacha vali na kuweka bomba la pumzi lililo wazi, linalopanda hadi juu ya kimo cha maji ya tangi. Inawezekana, na huo ni mpango wa zamani unaofaa kwa maji yasiyo na kani. Lakini katika nyumba yetu tangi likijaa maji hufika kama mita 6.2, na bomba la pumzi lazima lipite hapo kwa sentimita 25 hivi. Itabidi litoboe bati na kusimama hewani zaidi ya mita 2, likiwa na tundu la kuvuja mvua kwenye shina lake. Kwa nyumba ya mnara wa nje, vali ni rahisi kutunza kuliko mlingoti huo.

Kufunga, kujaribu, kusikiliza

Boila lenyewe linunuliwe la kulala ikiwa litalazwa. La kusimama likilazwa, bomba la kutolea maji moto haliko tena juu kabisa, hewa hubaki ndani, na rezista inaweza kujikuta nje ya maji. Linalolazwa kiwandani lina alama inayoonyesha upande wa juu, na alama hiyo ifuatwe. Mbele ya kifuniko cha rezista iachwe nafasi ya kuivuta rezista yote na anodi, na tundu la kupandia darini liwe karibu na upana wake ulipitishe tangi zima, kwa sababu siku moja litashushwa. Koki ya kufunga maji baridi ikae bafuni au koridoni, mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaweza kuifikia. Umeme uwe na waya wa milimita za mraba 2.5, waya wa ardhi uliofungwa kwenye fimbo ya kweli, na disjonkta inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30.

Kisha yaje majaribio, na mpangilio wake ndio huu. Kabla ya kujaza, funga uzi ulionyooka chini ya boriti na uweke alama ya umbali. Jaza boila huku koki ya maji moto ikiwa wazi, mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa. Pima uzi tena. Boriti za korido zisionekane kusogea. Mwaga ndoo ya lita 20 ndani ya trei huku mtu mwingine akisimama nje na saa. Maji yote yatoke ndani ya dakika moja hivi, na ndani ya trei isibaki ila unyevu. Yakichukua dakika tano, bomba lina bonde au limeziba, na ni heri kujua leo. Acha boila limejaa siku nzima bila umeme, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Umeme uwashwe mwisho, na mtu akae nje kutazama bomba la vali likianza kudondosha.

Kuanzia siku hiyo, mabomba mawili nje ya ukuta ndiyo yatakayozungumza, na kila anayeishi humo afundishwe kuyasikiliza. Bomba la vali likidondosha wakati wa kupasha na kukauka baadaye, mambo ni mema. Likitiririka hata boila likiwa baridi, vali ina uchafu. Inua mkono wake kidogo ili ijisafishe, na ikishindwa, ibadilishwe. Lisipodondosha kabisa, usifurahi. Shika bomba baridi linaloingia kwenye boila. Likiwa moto kwa mbali, vali ya kuzuia maji yasirudi inavuja na maji moto yanarudi tangini. Likiwa baridi, huenda vali ya usalama imekwama, nayo ni hatari kuliko zote. Mkono wake uinuliwe kila mwezi ili isikwame. Likitoa mvuke, kata umeme papo hapo na usiguse koki, acha lipoe.

Bomba la trei halina lugha nyingi hivyo. Tone moja linatosha. Likionekana, zima umeme, funga koki ya maji baridi, na mwite fundi. Hata kama dari ni kavu na hakuna doa, kitu kimeachia huko juu.

Wapi lisipande

Gharama ya umeme nayo ihesabiwe kabla ya mbao kununuliwa. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji kilowati saa 3.3, yaani zaidi ya saa mbili za rezista ya wati 1,500, bila kuhesabu joto linalopotea. Kwa mwenye jenereta, hizo ni saa mbili za mafuta kila siku. Kwa mwenye paneli za jua, ni paneli za takriban kilowati moja zikifanya kazi siku nzima kwa ajili ya boila peke yake. Boila la jua linaloweka tangi lake juu ya fremu ya chini, pembeni mwa nyumba, huepuka gharama hiyo na huepuka dari pia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Boila lipande darini pale ambapo masharti manne yametimia kwa pamoja: kitako cha tangi la maji kiko juu ya mgongo wa boila, kuna kuta mbili za msingi zilizokaribiana, bomba la milimita 40 linaweza kushuka hadi nje bila kugusa dari, na kuna mtu anayepita mbele ya mdomo wake kila siku. Sharti moja likikosekana, boila likae juu ya stendi ya chuma sakafuni, nyuma ya bafu, chini ya kibati chake. Litachukua nusu mita ya uwanja, fundi atalifikia bila ngazi, na likivuja, maji yataishia ardhini. Mwenye nyumba anayekubali nafasi hiyo hapotezi kitu. Anayelazimisha dari bila masharti hayo anamwachia bili mtu atakayekuwa amelala chini yake.